Chumvi kwenye tangi inapungua halafu inaongezeka. Nimekosea wapi?

Kombo_Hesabu
Habari za jioni wakuu. Kuna swali la asaimenti linaninyima usingizi tangu juzi. Naliweka kama lilivyo.

Tangi la lita 1000 lina lita 400 za maji, na kila lita ina gramu 2 za chumvi. Bomba la juu linaingiza maji yenye gramu 0.5 kwa lita, lita 10 kila dakika. Koki ya chini inatoa lita 5 kila dakika. Maji yanachanganyika vizuri muda wote. Tafuta kiasi cha chumvi na ukolezi wake tangi linapojaa, kisha eleza kinachoendelea baada ya hapo.

Mimi nimeanza na ujazo. Zinaingia 10 na kutoka 5, kwa hiyo kila dakika zinabaki lita 5 na ujazo ni 400 + 5t. Tangi litajaa dakika ya 120. Chumvi nimeiita S, kwa gramu. Inayoingia ni 10 mara 0.5, yaani gramu 5 kwa dakika. Inayotoka ni lita 5 mara ukolezi wa wakati huo, S/(400 + 5t). Nikarahisisha:

```
dS/dt = 5 - S/(80 + t),   S(0) = 800
```

Nikahamishia S kushoto, nikazidisha pande zote kwa (80 + t), upande wa kushoto ukawa kinyambuo cha (80 + t)S, nikaintegreti:

```
(80 + t)S = 400t + 2.5t² + 64000
```

Hadi hapo nilikuwa na amani. Shida imeanza nilipoweka namba. Dakika ya 0 ni gramu 800, ya 30 ni 711, ya 60 ni 693, ya 90 ni 707, ya 120 ni 740. Yaani chumvi inapungua halafu inaanza kupanda tena! Maji mapya yana chumvi kidogo kuliko ya zamani, sasa itapandaje? Mwenzangu wa chumbani amepata jibu lenye e linaloshuka vizuri bila kugeuka. Naomba msaada, tunakusanya Jumatatu.

Jembe_la_Advansi
Mwenzako yuko sahihi mkuu. Maswali ya tangi nimeyafanya mengi na jibu huwa ni e. Chukua ujazo 400, gawanya kwa lita 5 zinazotoka, unapata 80. Mlinganyo ni dS/dt = 5 - S/80 na jibu ni S = 400 + 400e^(-t/80). Dakika ya 120 unapata gramu 489. Inashuka moja kwa moja, haina kona. Hiyo (80 + t) yako ndiyo imekuvuruga.

Msabato_wa_Maabara
Mbona mnazunguka sana. Hili ni swali la kuchanganya myeyusho. Lita 400 zenye gramu 2 ni gramu 800. Kwa dakika 120 zimeingia lita 1200 zenye 0.5, ni gramu 600. Jumla gramu 1400 kwenye lita 1600, ukolezi ni 0.875. Zidisha kwa lita 1000 zilizobaki, jibu gramu 875. Hakuna haja ya kuintegreti.

MamaKiwanda
Kombo, jibu lako ni sahihi. Usilifute.

Nimekaa miaka mingi na matangi ya maji ya chumvi kiwandani, na kabla ya kugusa mlinganyo wa mtu huwa nalipima jibu lake kwanza. Chukueni gramu 489 za Jembe. Dakika ya 120 tangi lina lita 1000, kwa hiyo ukolezi ni 0.489. Lakini maji yanayoingia yana 0.5, na yaliyokuwemo yana 2. Unachanganyaje 0.5 na 2 ukapata kitu chepesi kuliko vyote viwili? Haiwezekani. Jibu likitoka nje ya mipaka hiyo miwili, mlinganyo una kasoro, hata kama hesabu zake zimenyooka.

Kasoro yenyewe ni kwamba Jembe amegandisha ujazo kwenye 400 wakati tangi linajaa. Kwa hesabu hiyo koki inatoa maji makali kuliko yalivyo kweli, na chumvi inaondoka kwenye karatasi bila kuondoka kwenye tangi.

Ndugu wa maabara, yako ina kasoro nyingine. Umechanganya lita zote 1600 kwa mpigo mmoja, kisha ukamwaga 600. Kwenye swali, maji yaliyotoka mwanzoni ndiyo makali zaidi, karibu gramu 2 kwa lita, nayo yalishaondoka kabla maji mengi mepesi hayajafika. Ndiyo maana chumvi iliyobaki ni 740 na si 875.

Sasa kona iliyomtisha Kombo. Usiangalie S, angalia kinachoingia na kinachotoka. Chumvi inayoingia ni gramu 5 kwa dakika, haibadiliki. Inayotoka ni lita 5 mara ukolezi. Mwanzoni ukolezi ni 2, zinatoka gramu 10, tangi linapoteza. Ukolezi ukifika 1, zinatoka gramu 5, sawa na zinazoingia. Hapo ndipo S iko chini kabisa, gramu 693 hivi, kama dakika 58 na nusu tangu kuanza. Baada ya hapo ukolezi uko chini ya 1, zinatoka pungufu ya 5 na zinaingia 5 zilezile. Lazima chumvi ipande. Maji yanaendelea kupoa chumvi kwa kila lita, ila lita zimekuwa nyingi.

Kombo_Hesabu
Mama nashukuru sana. Kumbe nilikuwa nachanganya kiasi cha chumvi na ukali wa maji. Nimegawanya S kwa ujazo, napata 2, kisha 1.29, 0.99, 0.83, na 0.74. Inashuka tu, haigeuki. Lakini nimejuaje mapema kwamba haitageuka, bila kuweka namba?

MamaKiwanda
Hilo ndilo swali zuri kuliko la asaimenti. Andika mlinganyo wa ukolezi wenyewe. S ni ujazo V mara ukolezi C, vyote viwili vinabadilika, kwa hiyo kinyambuo kina vipande viwili:

```
V·dC/dt + C·dV/dt = 10·0.5 - 5·C
dV/dt = 10 - 5 = 5
V·dC/dt = 10·(0.5 - C)
```

Tazama mstari wa mwisho. Zile lita 5 za koki zimetoweka! Kasi ya kutoka haionekani popote isipokuwa ndani ya V.

Mwanzoni nilidhani ni bahati ya namba. Kisha nikaiona mezani kwangu. Ukimimina kikombe cha chai kutoka kwenye chupa, chai iliyobaki haibadiliki utamu. Kinachobadilisha utamu ni unachoongeza. Koki inapunguza chumvi na maji kwa uwiano uleule, haina uwezo wa kufanya maji yaliyobaki yawe makali wala mepesi. Inachofanya ni kupunguza ujazo, na tangi dogo hubadilika haraka kuliko kubwa.

Na jibu la swali lako limo humo humo. C ikiwa juu ya 0.5, upande wa kulia ni hasi, ukolezi unashuka. Kadiri unavyoisogelea 0.5 unashuka polepole, na hauwezi kuivuka. Ukiutatua huo unapata:

```
C = 0.5 + 1.5·(80/(80 + t))²
```

Weka 120: 80 kwa 200 ni 0.4, kipeo cha pili 0.16, mara 1.5 ni 0.24. Jumla 0.74. Ni jibu lako lilelile kwa njia nyingine.

Jembe_la_Advansi
Nimekubali, 0.489 imenifunga mdomo. Ila dada, e sijaiota. Nimeiona kwenye maswali chungu nzima.

MamaKiwanda
Hujaiota kaka. E hutokea pale kinachoingia na kinachotoka vikiwa sawa, ujazo ukasimama. Hapo unagawanya kwa namba ile ile muda wote. Ujazo ukikua, unagawanya kwa (80 + t), na ukiintegreti 1/(80 + t) unapata logi, kisha e na logi vinafutana, unabaki na kipeo cha kawaida. Kipeo chenyewe ni kasi ya kuingia kugawanya kwa tofauti ya kuingia na kutoka. Hapa ni 10 kwa 5, ndiyo ile 2 unayoiona juu ya mabano. Koki ingetoa lita 8, kipeo kingekuwa 10 kwa 2, yaani 5, na ukolezi ungeshuka haraka zaidi kwa sababu tangi lingejaa taratibu.

Safu_na_Seli
Mimi siamini kitu hadi nikione kwenye jedwali. Nimeweka dakika moja moja, kila mstari naongeza 5 na kutoa S/(80 + t) ya mstari uliotangulia. Mstari wa 120 unanipa 738.19, si 740. Nimerudia mara mbili. Nani anadanganya?

Kombo_Hesabu
Nimejaribu kwenye kompyuta pia, hivi:

```python
S, t, h = 800.0, 0.0, 0.1
for i in range(1200):
    S += h * (5 - S/(80 + t))
    t += h
print(round(S, 2))
```

Nimepata 739.82. Nikiweka h = 1 na kurudia mara 120, napata 738.19 kama yako.

MamaKiwanda
Basi hakuna anayedanganya. Jedwali linachukua kasi ya mwanzo wa dakika na kuitumia dakika nzima, wakati ukolezi umeshashuka kidogo ndani ya dakika hiyo. Kwa hiyo linatoa chumvi nyingi kuliko inavyostahili, na linaishia chini. Ukipunguza hatua mara kumi, kosa limepungua kutoka 1.81 hadi 0.18, karibu mara kumi vilevile. Kosa likifuata hatua namna hiyo, ujue linatokana na hatua na mlinganyo wako uko salama. Lingebaki palepale, ungeutilia shaka mlinganyo.

kisima_kigamboni
Wakuu samahani naingilia, mimi si mwanafunzi, ila mnaongelea tangi langu kabisa. Nina simtanki ya lita 2000 juu ya mnara. Kisima chetu kina chumvi, kipima TDS, kile cha kupima chumvi iliyoyeyuka majini, kinasoma miligramu 2400 kwa lita. Maji ya mtandao yakija, usiku, nayafungulia yaingie juu ya yale ya kisima yaliyobaki, kama lita 500. Ya mtandao yanasoma 200. Asubuhi tangi limejaa lakini ya bombani jikoni bado ni chumvi tupu, chai haifai. Hiyo formula yenu inaniambia nini?

Msabato_wa_Maabara
Unapojaza usiku kuna mtu anatumia maji?

kisima_kigamboni
Hapana, tumelala. Koki zote zimefungwa.

Msabato_wa_Maabara
Basi kwako hesabu yangu ndiyo inayofanya kazi, maana hakuna kinachotoka. 500 mara 2400 jumlisha 1500 mara 200, gawa kwa 2000. Unapata 750. WHO wanasema maji chini ya 1000 watu wengi huyanywa bila shida ya ladha. Chai yako ingefaa kabisa.

MamaKiwanda
Ni kweli, na hata mlinganyo wetu unatoa 750 hiyohiyo. Kasi ya kutoka ikiwa sifuri kipeo kinakuwa 1, na unarudi kwenye hesabu ya maabara.

Lakini kuna sentensi moja kwenye swali la Kombo ambayo wote tumeipita haraka: "maji yanachanganyika vizuri muda wote". Mlinganyo mzima umesimama juu ya sentensi hiyo. Ndiyo inayoturuhusu kuandika S/V kama ukali wa maji ya koki. Kwenye simtanki ya nyumbani hakuna anayekoroga. Kisima, tafadhali pima sehemu mbili asubuhi kabla hamjatumia maji: bomba la jikoni, na maji ya juu kabisa uliyochota kwa kikombe kupitia mfuniko. Acha vikombe vyote viwili kivulini hadi vifanane joto, maana kipima TDS kinapima umeme unavyopita majini na joto humbadilishia hesabu.

kisima_kigamboni
Nimepima leo asubuhi. Jikoni 1900. Juu 310. Mtoto amepanda na kikombe, mimi nikishika ngazi.

Jembe_la_Advansi
Duh. Tangi moja, maji mawili.

MamaKiwanda
Ndivyo. Maji ya chumvi ni mazito. Tofauti ya gramu 2 kwa lita inayafanya yawe mazito kwa kama kilo moja na nusu kwenye kila mita moja ya ujazo. Ni kidogo sana ukiitazama, lakini maji hayahitaji zaidi ya hapo ili kukaa chini. Kisha jua la mchana linapasha ya juu, na nyuzi tano za joto zinaongeza karibu tofauti nyingine kama hiyo. Na bomba lenu linachuruzika polepole usiku, halina nguvu ya kuvuruga. Kwa hiyo maji mepesi yanajitandaza juu kama blanketi, yale ya kisima yanabaki chini, na bomba la jikoni linavuta kutoka chini.

Ukitaka kujua kama tangi lako linafuata mlinganyo, usipime mara moja. Pima wakati linajaa. Kwenye tangi la Kombo, chukua ukolezi, toa 0.5, zidisha kwa ujazo mara mbili, yaani V kwa V. Kama limechanganyika, namba hiyo haibadiliki: mwanzo ni 1.5 mara 160,000, sawa na 240,000. Mwisho ni 0.24 mara 1,000,000, sawa na 240,000. Kwako kisima, hakuna kinachotoka, kwa hiyo unazidisha kwa ujazo mara moja tu. Mwanzo 2200 mara 500, ni 1,100,000. Asubuhi jikoni 1700 mara 2000, ni 3,400,000. Imeruka mara tatu. Tangi halijachanganyika, hakuna ubishi.

FundiSimtanki
Dawa yake ni ndogo. Ongeza bomba la kuingilia lishuke hadi chini ya tangi. Maji mepesi yakitokea chini yatapanda yenyewe na kuvuruga. Nimefungia watu wengi.

MamaKiwanda
Fundi, kuchanganya yatachanganya, hilo sina neno. Ninachoogopa ni mdomo wa bomba kuzama majini. Mtandao ukikatika na shinikizo likashuka, maji ya kisima yatavutwa kurudi kwenye bomba la mtaa, na jirani atakunywa chumvi ya Kigamboni. Lazima kuwe na nafasi ya hewa kati ya mdomo wa bomba na maji.

FundiSimtanki
Ndiyo maana tunaweka valvu ya kuzuia kurudi.

MamaKiwanda
Valvu hukwama kwa mchanga na chokaa, nawe utajua siku imeshashindwa. Bora asubirie lita 500 zishuke hadi 100 kabla ya kufungulia mtandao. Hesabu inasema 100 mara 2400 na 1900 mara 200, kugawa 2000, ni 310. Hata isipochanganyika, ya chumvi ni ndoo tano tu za kwanza, zioshee uwanja.

FundiSimtanki
Na mtandao usipokuja siku hiyo, familia inabaki na lita 100. Wewe dada hujakaa huku.

kisima_kigamboni
Hapo fundi amesema kweli, mtandao unaweza kukosekana siku nne. Nitafikiria. Labda nitoboe tundu la pili katikati ya tangi la kwenda jikoni, la chini libaki la choo.

Kombo_Hesabu
Wakuu nisaidieni kipande cha mwisho, baada ya kujaa. Nimeandika ujazo umesimama 1000, zinaingia 10. Koki inatoa 5, hizo 5 nyingine nimezimwaga kupitia bomba la ziada la juu. Jumla zinatoka 10, zote zina ukolezi uleule. Nikaanza kuhesabu muda upya na kuuita u:

```
dS/du = 5 - S/100,   S(0) = 740
S = 500 + 240·e^(-u/100)
```

Ukolezi kushuka hadi 0.55 unachukua kama dakika 157 zaidi. E ya Jembe imerudi.

Jembe_la_Advansi
Nimefurahi kuiona! Ila swali halikusema maji yanamwagika. Kama kuna boya, tangi likijaa boya linabana, zinaingia 5 tu sawa na za koki. Inakuwa e^(-u/200), na dakika ni 314. Mara mbili ya zako.

Safu_na_Seli
Nimeziweka zote mbili kwenye jedwali, na zote mbili zinakubali. Swali ndilo halijasema.

MamaKiwanda
Jembe hapo umeona mbali. Kombo, angalia mlinganyo wa ukolezi tena: kinachoshusha ukolezi ni maji yanayoingia. Boya likipunguza yanayoingia nusu, muda unakuwa mara mbili. Mimi ningeandika yote mawili, na ningeweka sentensi moja juu ya kila jibu kusema nimechukulia nini. Kuanza na 740 umefanya vyema. Wengi huanza upya na 800 na hapo kila kitu kinaharibika.

Kombo_Hesabu
Nitaandika yote mawili. Lekchara wetu hapendi majibu mawili, lakini nitamwonyesha hizo dakika 157 na 314 aamue mwenyewe swali lake lina boya au halina. Nikirudishiwa karatasi nitaleta alichosema.

kisima_kigamboni
Nami nitaleta vipimo vya tundu la katikati, fundi anakuja Alhamisi.